Daftari la stoki likilingana, bidhaa huenda bado hazipo

WAHENGA walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Kwa wenye maduka ya pembejeo mjini Kitale na Bungoma, methali hiyo ina upande wa pili usiosemwa sana: mali yaweza kuisha bila habari hata pale daftari lipo, limejazwa kila mstari, na hesabu zake zote zinalingana.

Kila mwisho wa mwezi, karani wa duka hujaza karatasi ya stoki. Huandika bidhaa zilizokuwapo mwezi ulipoanza, huongeza zilizonunuliwa, huondoa zilizouzwa, na kinachosalia ndicho kinachopaswa kuwa rafuni na katika bohari mwezi unapofungwa. Kanuni yenyewe ni fupi:

stoki ya kufungulia + manunuzi − mauzo = stoki ya kufungia

Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuikokotoa. Ugumu hauko katika kujumlisha wala kutoa, bali katika kujua kila tarakimu imetoka wapi na, hesabu isipolingana, tofauti hiyo inasema nini. Anayeshindwa kuisoma tofauti humfukuza mfanyakazi asiye na hatia, au humwacha mwizi aendelee na kazi yake kwa amani.

Msimu ambapo jambo hili huleta kizaazaa zaidi ni mwezi Machi, mvua ndefu zinapokaribia na wakulima wa Trans Nzoia na Bungoma wanapomiminika madukani kutafuta mbegu na mbolea ya kupandia. Duka lililouza mifuko mitano ya mbolea kwa siku mwezi Januari huuza mifuko hiyo kabla ya saa nne asubuhi. Risiti huandikwa kwa haraka, malori hupakua usiku, na makosa huzaliana.

Mfano wa maduka mawili

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara mwenye duka kubwa Kitale, mji ambao ndio makao makuu ya kampuni ya mbegu ya Kenya Seed, na tawi dogo mjini Bungoma. Bidhaa nyingi za tawi hutoka Kitale kwa lori kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Takwimu zifuatazo ni za mfano, lakini kila kosa lililomo ni la aina inayojirudia katika maduka ya namna hiyo.

Mwishoni mwa Machi, karatasi ya tawi la Bungoma yaonyesha kuwa mbolea ya DAP ilianza mwezi ikiwa mifuko 64 ya kilo 50. Ilipokewa mifuko 200 na kuuzwa 187. Kwa hivyo panatarajiwa mifuko 77, lakini iliyohesabiwa ni 67. Mifuko kumi haipo.

Mbegu ya mahindi ya H614D, pakiti za kilo mbili, ilianza na pakiti 120, zikaongezwa 480, na zikauzwa 345. Panatarajiwa pakiti 255 lakini zilizoko ni 246. Pakiti tisa hazipo.

Dawa ya kuua magugu, chupa za lita moja, ilianza na chupa 30, zikanunuliwa 24 na kuuzwa 29. Panatarajiwa chupa 25, zilizoko ni 19. Chupa sita hazipo.

Mwenye duka akiisoma karatasi hii kwa hasira, atamwona mwuzaji wake wa Bungoma kuwa mwizi wa bidhaa 25. Bei ya DAP katika mfano wetu ikiwa Sh6,500 kwa mfuko, mbolea pekee ni Sh65,000, ambazo ni mshahara wa mwuzaji wa duka wa miezi kadhaa. Wengi katika hatua hii humwita mfanyakazi na kumwambia achague kati ya kulipa na kwenda nyumbani.

Mkaguzi mzoefu huanza mahali pengine kabisa.

Anza na mwezi uliopita

Jambo la kwanza ni kuchukua karatasi ya Februari na kuiweka kando ya ile ya Machi. Stoki ya kufungia ya Februari, bidhaa kwa bidhaa, lazima iwe ndiyo stoki ya kufungulia ya Machi. Usiku wa mwisho wa mwezi hauuzi wala haununui kitu. Ikiwa DAP ilifunga Februari kwa mifuko 64, haiwezi kufungua Machi kwa 62 wala 70.

Ukaguzi huu wachukua dakika chache, nao ndio unaofichua hila kongwe kuliko zote. Anayetaka kuficha upungufu haibadilishi stoki ya kufungia, maana hiyo inaweza kwenda kuhesabiwa. Hushusha stoki ya kufungulia, akijua kwamba watu wachache hurudi nyuma kuitazama. Karatasi ya Machi hulingana kikamilifu, na bidhaa zilizopotea humezwa katika mwanya wa kati ya karatasi mbili.

Katika mfano wetu tarakimu zote za kufungulia zinaoana na za Februari. Kwa hivyo kosa, likiwepo, limo ndani ya Machi.

Je, ilihesabiwa au ilikokotolewa?

Swali la pili ni namna stoki ya kufungia ilivyopatikana. Hapa ndipo karatasi inayolingana inapoweza kuwa hatari kuliko isiyolingana.

Katika karatasi hiyo ya Bungoma kuna mstari wa pampu za kunyunyizia dawa, zile za kubebwa mgongoni. Zilianza 14, hazikununuliwa nyingine, zikauzwa tatu. Panatarajiwa 11, na safu ya kufungia inasema 11. Mstari huo hauna doa. Lakini anayepanda ngazi hadi kwenye rafu ya juu ataziona pampu nane tu.

Ilikuwaje? Karani alikuwa amechoka, pampu ziko juu, na kikokotoo kiko mkononi. Alitoa tatu katika 14 akaandika jibu. Hakusema uongo kwa nia mbaya, lakini aliuliza hesabu ijithibitishe yenyewe. Kanuni ya stoki ina thamani pale tu upande mmoja unapotoka vitabuni na upande wa pili unapotoka kwa macho na mikono. Pande zote mbili zikitoka vitabuni, zitalingana daima, hata kama duka limebaki kuta tupu.

Dalili za stoki isiyohesabiwa zinajulikana. Duka lenye mamia ya bidhaa ambalo halina tofauti hata moja baada ya pilikapilika za Machi ni la kutiliwa shaka. Vilevile, karatasi safi isiyo na alama ya kufuta, iliyojazwa kwa kalamu moja na mwandiko usiobadilika, huenda iliandikwa mezani. Karatasi iliyotoka bohari huwa na vumbi, mistari ya kuhesabia tano tano na masahihisho.

Kwa wanaotumia kompyuta, dalili iko wazi zaidi. Bofya kwenye kisanduku cha stoki iliyohesabiwa. Ukiona tarakimu tupu, kuna mtu aliyeiandika. Ukiona kitu kama hiki, hakuna aliyehesabu:

```
=B2+C2-D2
```

Fomula hiyo mahali pake ni katika safu ya stoki inayotarajiwa. Safu ya iliyohesabiwa iwe yake peke yake, nayo ijazwe kwa tarakimu zilizoletwa kutoka rafuni. Tofauti ipatikane katika safu ya tatu.

Dawa ya tatizo hili ni kuhesabu bila kuona jibu. Anayehesabu hupewa orodha ya majina ya bidhaa na nafasi tupu, pasipo idadi inayotarajiwa. Asiwe yule aliyeandika mauzo. Akimaliza, karatasi yake hulinganishwa na vitabu na mtu mwingine.

Kila bidhaa kivyake

Kosa jingine ni kutazama jumla badala ya mstari. Turudi Bungoma. Tumeona kuwa DAP inapungua mifuko kumi. Sasa tazama mbolea ya CAN: ilianza na mifuko 40, ikaongezwa 60, ikauzwa 31. Panatarajiwa mifuko 69, lakini iliyohesabiwa ni 79. Kuna ziada ya mifuko kumi.

Anayejumlisha mbolea zote pamoja atatarajia mifuko 146 na kuikuta 146. Ataandika kuwa mbolea iko sawa na kuendelea. Makosa mawili yamefutana, na hakuna aliyejua kuwa yalikuwapo.

Anayetazama mstari kwa mstari ataona jambo tofauti: upungufu wa kumi hapa, ziada ya kumi pale, katika bidhaa mbili zinazofanana mifuko na zinazokaa bohari moja. Tofauti pacha za namna hii karibu kila mara humaanisha kuwa bidhaa moja iliandikwa kwa jina la nyingine. Mtu aliuza DAP, akaandika CAN.

Msimu wenyewe unatoa ushahidi. DAP ni mbolea ya kupandia, ilhali CAN hutiwa mahindi yanapokuwa yameota na kufikia kimo cha goti. Mkulima anayenunua mifuko kumi ya CAN kwa mpigo mwezi Machi si jambo lisilowezekana, lakini ni risiti ya kwanza ya kutafutwa. Katika mfano wetu inapatikana: CAN, mifuko 10, Sh65,000. Ukigawanya unapata Sh6,500 kwa mfuko, ambayo ni bei ya DAP, wakati CAN dukani humo ni Sh4,500. Pesa zilisema kweli, jina likakosea.

Upungufu wa Sh65,000 umetoweka. Hakuna mfuko hata mmoja ulioibwa.

Umbo la tofauti

Hili latufikisha kwenye kiini cha ukaguzi. Tofauti haipaswi kusomwa kama kiasi tu, bali kama alama ya mguu. Kila aina ya kosa huacha umbo lake.

Zile pakiti tisa za mbegu ya H614D ni mfano. Tisa hugawanyika kwa tisa, na tofauti yoyote inayogawanyika kwa tisa huamsha shaka kuwa tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Aliyekusudia kuandika 54 akaandika 45 amekosea kwa tisa. Aliyeandika 27 badala ya 72 amekosea kwa 45, ambayo pia hugawanyika kwa tisa.

Karatasi inasema pakiti 345 ziliuzwa. Mkaguzi hujumlisha risiti upya na kupata 354. Stoki inayotarajiwa sasa ni 246, sawasawa na iliyohesabiwa. Kosa lilitokea wakati wa kunakili kutoka kitabu cha risiti hadi karatasi ya mwezi. Si kila tofauti ya tisa ina sababu hii, ila inafaa kukaguliwa kwanza kwa kuwa haichukui muda.

Umbo la pili ni la vipimo kuchanganyika. Dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe ilianza na chupa 36, kikaandikwa manunuzi ya 4, na mauzo ya 22. Panatarajiwa chupa 18, lakini rafuni kuna 62. Ziada ni 44.

Hakuna mwizi anayeleta chupa 44 dukani. Ziada kubwa mara nyingi ni kosa la maandishi, nayo yatakiwa kufuatiliwa kwa bidii ileile ya upungufu. Dawa hiyo hununuliwa kwa katoni za chupa 12 na kuuzwa kwa chupa. Aliyepokea aliandika katoni nne kama nne, wakati safu nzima inahesabiwa kwa chupa. Kila katoni iliyoandikwa kama chupa moja huacha pengo la 11, na mara nne kumi na moja ni 44. Mwenye kujua katoni ina chupa ngapi hulitambua umbo hilo papo hapo.

Umbo la tatu ni tofauti inayolingana kabisa na mzigo mmoja. Lori likiondoka Kitale jioni ya tarehe 31 Machi na kupakua Bungoma alfajiri ya tarehe mosi Aprili, hati ya mzigo ina tarehe ya Machi, lakini mifuko haikuwapo wakati wa kuhesabu. Manunuzi yakiandikwa Machi, tawi litaonekana kukosa mzigo mzima. Kanuni ni moja: bidhaa huandikwa siku ilipopokelewa mlangoni, na hati ya mwisho iliyopokelewa kabla ya kuhesabu iwekwe alama ili kila mtu ajue mstari umekatwa wapi.

Karatasi mbili kando kwa kando

Bado tuna pampu tatu ambazo karatasi haikujua kuwa hazipo. Sasa kwa kuwa zimehesabiwa kweli, mstari wake unaonyesha upungufu wa tatu.

Hapa ukaguzi wa duka moja hufika mwisho wa njia. Hakuna risiti, hakuna deni, hakuna jina lililochanganywa. Lakini mfanyabiashara huyu ana maduka mawili, na bidhaa huvuka kati yake kila wiki. Akifungua karatasi ya Kitale, ataona pampu zilianza tisa, hazikununuliwa nyingine, zikauzwa mbili. Panatarajiwa saba, zilizohesabiwa ni 10. Kitale ina ziada ya tatu.

Ziada ya Kitale na upungufu wa Bungoma ni kitu kimoja kilichotazamwa kutoka miji miwili. Pampu tatu zilirudishwa Kitale, pengine kwa pikapu au matatu baada ya mteja wa huko kuziulizia kwa simu, bila hati yoyote. Kwa Bungoma hazikuwa mauzo, na kwa Kitale hazikuwa manunuzi, kwa hivyo hazikupata safu ya kuandikwa.

Kanuni tuliyoanza nayo inatosha kwa duka moja lisilo na tawi na lisilorudisha bidhaa. Duka lenye tawi huhitaji safu mbili zaidi: zilizoletwa kutoka tawi jingine na zilizopelekwa tawi jingine. Kila uhamisho uwe na hati yenye nakala, moja ibaki panapotoka bidhaa na nyingine iende nazo na kutiwa sahihi panapopokelewa. Mwisho wa mwezi, jumla ya zilizopelekwa na Kitale lazima iwe sawa na jumla ya zilizopokewa Bungoma, isipokuwa mzigo ulioko barabarani, ambao nao huorodheshwa kwa jina.

Kinachobaki

Katika tuhuma za bidhaa 25, kumesalia chupa sita za dawa ya magugu. Sita haigawanyiki kwa tisa wala kwa 11. Hakuna dawa nyingine yenye ziada ya sita, wala hakuna mzigo wa chupa sita uliopokelewa mwezi huo.

Hapo ndipo mkaguzi huuliza ni njia zipi nyingine bidhaa hutokea dukani pasipo kuandikwa mauzo. Njia hizo ni chache: kuuzwa kwa deni, kuvunjika au kuvuja, kuondolewa kwa kupitwa na muda, kutumiwa shambani kwa mwenye duka, na kuibwa. Wizi huwekwa mwisho si kwa kuwa ni nadra, bali kwa kuwa hauwezi kuthibitishwa kabla ya zile nyingine kuondolewa.

Daftari la madeni, ambalo katika maduka mengi hukaa chini ya kaunta mbali na kitabu cha risiti, laonyesha kuwa wakulima wawili walichukua chupa mbili mbili wakiahidi kulipa baadaye. Karani hakuziandika katika mauzo kwa sababu pesa hazikuingia. Hilo ni kosa la kawaida: safu ya mauzo katika karatasi ya stoki hupima bidhaa zilizotoka, si fedha zilizoingia. Mauzo ya deni ni mauzo.

Zinasalia chupa mbili. Hizo hazina maelezo.

Basi karatasi iliyoanza kwa kumtuhumu mwuzaji upotevu wa mifuko kumi, pakiti tisa na chupa sita, imeishia kwenye chupa mbili. Na mbili hizo ni za kweli: huandikwa kama upungufu usioelezeka, stoki ya Aprili hufunguliwa kwa 19 zilizohesabiwa, na dawa hiyo huhesabiwa tena kila wiki. Upungufu wa mbili ukijirudia mwezi baada ya mwezi katika bidhaa ileile ndogo na ghali, umbo hilo nalo lina jina lake.

Sheria yasemaje

Mwajiri anayeruka hatua hizi na kukata mshahara hujiweka pabaya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali iliyoharibika au kupotea, iwapo hasara imetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Karatasi isiyolingana, peke yake, haionyeshi makusudi ya mtu yeyote. Aidha, makato yote kwa pamoja hayafai kuzidi thuluthi mbili za mshahara.

Kifungu cha 41 cha sheria hiyo chamtaka mwajiri, kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na amsikilize akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Mwenye duka anayefika mbele ya korti akiwa na karatasi moja ya mwezi atakosa cha kusema wakili wa upande wa pili akiomba kuona hesabu ya Februari, daftari la madeni na karatasi ya tawi la Kitale.

Mamlaka ya Ushuru nayo ina haja na nyaraka hizo. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 yataka kumbukumbu za biashara zihifadhiwe kwa miaka mitano. Stoki ya kufungia huingia moja kwa moja katika hesabu ya faida, hivyo chupa 44 zisizoonekana vitabuni hubadilisha faida inayotozwa kodi.

Pale kanuni inapokoma

Kuna bidhaa moja katika eneo hili ambayo haitii kanuni hii hata ikihesabiwa kwa uaminifu mkubwa. Bidhaa hiyo ni mahindi yenyewe.

Mfanyabiashara wa nafaka anayenunua magunia 100 ya kilo 90 baada ya mavuno, yakiwa na unyevu wa asilimia 18, ameingiza bohari kilo 9,000. Akiyaanika hadi unyevu wa asilimia 13.5, ambao ndio kiwango cha juu kinachokubaliwa na Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, maji hutoka na uzani hushuka. Punje kavu zenyewe, bila maji, zilikuwa kilo 7,380. Zikiwa sasa asilimia 86.5 ya uzani wote, mzigo mzima una takriban kilo 8,532.

Karatasi ya stoki itadai kilo 468, zaidi ya magunia matano, ambazo hakuna aliyezigusa. Zilipanda angani kama mvuke. Mlinzi wa bohari amelaumiwa kwa jua.

Hali kadhalika, anayehesabu magunia badala ya kilo ataona 100 yakiwa 100 na kuridhika, ilhali kila gunia limepungua. Kwa nafaka, basi, kipimo cha unyevu kiandikwe kando ya uzani siku ya kupokea na siku ya kuhesabu, na upungufu wa kukausha upewe safu yake. Kinachozidi upungufu huo ndicho cha kuulizwa.

Katika maduka ya pembejeo, jambo hilo halipo: mfuko wa DAP ni mfuko, chupa ni chupa. Huko, sahihi chini ya karatasi iwe ya watu wawili, aliyehesabu na aliyelinganisha, na tarehe na saa ya kuhesabu ziandikwe. Tofauti zisifutwe ili karatasi ipendeze. Ziachwe zionekane, kila moja na sababu yake pembeni, na ile isiyo na sababu iandikwe hivyo. Mwuzaji wa Bungoma aliye na karatasi yenye tofauti sita zilizoelezwa yu salama kuliko mwenzake aliye na karatasi isiyo na tofauti hata moja.